Kwa Nini Damu Ilimwagika Unguja Mwaka 1964
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Visiwani wakaao Chanika, Handeni)





Tumeombwa na wazazi waliomo humu tuseme neno juu ya swali moja linalowasumbua watoto wao. Katika somo la Historia la Sekondari mna mlango uitwao uhuru kwa njia ya mapinduzi, na nchi mbili ndizo zitajwazo humo: Misri na Zanzibar. Mtoto huulizwa aeleze kwa nini mapinduzi ya Unguja dhidi ya Sultani yaligeuka kuwa ya kumwaga damu. Akirudi nyumbani humwuliza babake, na babake akiwa ni mtu wa Visiwani, jawabu hutoka kwa uchungu. Nyumba moja husema, "Andika kwamba Waarabu walitutawala." Nyumba ya pili husema, "Andika kwamba wageni kutoka Bara walituvamia." Mtoto huandika moja katika hayo, na hupata alama chache, na hustahili hizo chache.

Sisi tulisoma chuoni, mtihani huo hatukuufanya. Mtoto ataandika kwa Kiingereza, na Kiingereza ni juu yake na mwalimu wake. Lakini hoja haina lugha, na hoja twaweza kumpa. Basi tusikilizane.

Jambo la kwanza ni kusoma swali lenyewe. Haliulizi kwa nini mapinduzi yalitokea. Lauliza kwa nini yalimwaga damu. Hayo ni maswali mawili, na watoto wengi hujibu la kwanza wakadhani wamejibu la pili. Huandika hoja sita walizokariri: ardhi ilikuwa mikononi mwa wachache, uchaguzi haukuwa wa haki, kazi hazikuwapo, Chama cha Umma kilipigwa marufuku, polisi wa Bara waliachishwa, Sultani alikuwa mgeni. Zote ni kweli kwa kiasi chake. Walakini kila moja huweza kumwondosha mfalme bila ya jirani kumwua jirani. Mwenye kusahihisha ataka aone kamba inayounganisha dhulma na damu.

Tuyapange mambo kwa tarehe. Uhuru wa Zanzibar ulikuja tarehe 10 Disemba 1963. Sultani alikuwa Seyyid Jamshid bin Abdulla, aliyekalia kiti mwezi wa Julai mwaka ule ule baada ya kufariki babake. Waziri Mkuu alikuwa Sheikh Muhammad Shamte wa ZPPP, na mshirika wake mkubwa Sheikh Ali Muhsin wa Hizbu, yaani ZNP. Upinzani ulikuwa wa Afro-Shirazi chini ya Sheikh Abeid Amani Karume. Usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 12 Januari 1964, siku 33 baada ya uhuru, na siku chache tu kabla ya Ramadhani, watu mia kadha waliokuwa na mapanga, marungu na pinde walishambulia boma la polisi la Ziwani na kambi ya polisi ya Mtoni, wakavunja ghala za bunduki. Kituo cha Malindi kiliendelea kupigana mchana ule, kisha nacho kikaanguka. Sultani alipanda meli yake, akakataliwa kushuka Mombasa, akafika Dar es Salaam, na kutoka hapo akaenda Uingereza. Alifariki Maskati mwezi wa Disemba 2024, akiwa mzee mwenye umri mrefu.

Tazameni basi. Serikali iliangushwa kwa usiku mmoja na mchana mmoja, na katika kuangushwa huko waliokufa hawakuwa wengi. Mauaji makubwa yalikuja baadaye, katika siku zilizofuata, na hayakuwa Ziwani wala kasrini. Yalikuwa mashamba, katika vijiji vya Unguja, katika nyumba na maduka ya watu ambao hawakuwa mawaziri wala jamaa wa Sultani. Hesabu yao haikuthibitishwa mpaka leo. Wengine hutaja mamia, wengine maelfu mengi. Mtoto aandike kwamba makadirio yanahitilafiana sana, wala asichague tarakimu kwa kufurahisha upande wake.

Ndipo swali letu liwe wazi zaidi: kwa nini, baada ya mfalme kwenda zake na serikali kuanguka, damu ndiyo kwanza ilianza kutiririka mashamba?

Sisi ni watu wa dukani, na hatuamini uzito wa kitu mpaka tukipime. Tuna mizani tatu za kupimia jawabu lo lote. Ya kwanza ni Misri. Ya pili ni Pemba. Ya tatu ni Unguja yenyewe mwaka 1961.

Tuanze na Misri. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Julai 1952, maofisa wa jeshi chini ya Muhammad Najib na Gamal Abdel Nasser waliichukua Kairo. Siku tatu baadaye Mfalme Faruk alipanda merikebu yake Iskandaria akaondoka, akapigiwa mizinga ya heshima. Damu iliyomwagika ilikuwa kidogo mno. Je, Misri hapakuwa na dhulma ya ardhi? Ilikuwapo, na kubwa. Hapakuwa na umasikini wa wakulima, wala hasira juu ya nasaba ya kigeni? Vilikuwapo vyote. Basi dhulma peke yake haitoshi kuwa jawabu. Tofauti ni kwamba Misri bunduki zilikuwa mikononi mwa jeshi, na jeshi lina ngazi: mkubwa huamrisha, mdogo hutii, na bunduki hurudi ghalani. Unguja hapakuwa na jeshi. Serikali ya uhuru ilikuwa na polisi tu, wala haikuwa na mapatano ya ulinzi na Uingereza. Asubuhi ya tarehe 12 mawaziri waliomba msaada wa Waingereza, wasipewe.

Na hao polisi, wengi walikuwa watu wa Bara. Serikali mpya haikuwaamini, ikaanza kuwaondoa. Walioachishwa walibaki mjini bila ya kazi, wakiijua Ziwani mlango kwa mlango. Serikali ilivunja ukuta wake kwa mikono yake kabla ya kujenga mwingine. Ghala zilipofunguliwa, bunduki zilikwenda kwa aliyekuwa karibu. Aliyejitangaza Field Marshal, John Okello, mtu wa Uganda aliyekuja Pemba mwaka 1959 kutafuta kazi, alikamata redio na kutangaza vitisho vya kuogofya. Sheikh Karume na Abdulrahman Babu hawakuwapo Ziwani usiku ule. Kwa siku kadha palikuwa na sauti katika redio, na bunduki katika mikono mingi, bali hapakuwa na mtu ambaye neno lake lingeweza kumzuia mwenye panga aliyeko Bumbwini au Donge.

Lakini hapa tuongeze jambo moja, kwa kuwa haki ndiyo hiyo. Ilitolewa amri kwamba Wazungu wasiguswe, na Waingereza waliokuwako waliondoka salama. Maana yake ni kwamba palipotolewa amri ya kuzuia, ilisikika. Kwa Waarabu wa mashamba amri kama ile haikutolewa kwa wakati. Kwa hiyo tusiseme ilikuwa ni fujo tu isiyo na mwenyewe.

Mizani ya pili ni Pemba. Sultani alikuwa ni yule yule, serikali ile ile, redio ile ile. Waarabu Pemba walikuwako, tena wengi. Lakini Pemba haikuwa na mauaji ya majirani kama ya Unguja. Kwa nini? Tazameni ardhi. Unguja mikarafuu mingi ilikuwa katika mashamba makubwa ya wenyewe, na chini yake walikaa maskwota, wengi wao watu wa Bara au wana wa waliokuwa watumwa kabla ya mwaka 1897. Skwota hakulipa kodi. Alipalilia mikarafuu ya tajiri, na badala yake akapanda muhogo na migomba yake baina ya miti. Lakini hata shimo la choo alilichimba kwa ridhaa. Pemba mambo yalikuwa mbali. Mpemba mnyonge alikuwa na mikarafuu yake mwenyewe, kumi au hamsini, na Mwarabu jirani yake pengine alikuwa na idadi kama hiyo, na pengine ni shemeji yake. Na katika uchaguzi wa Julai 1963 viti vingi vya Pemba vilikwenda kwa ZNP na ZPPP. Unguja vingi vilikwenda kwa Afro-Shirazi. Kwa hiyo Pemba mstari wa chama haukukata juu ya mstari wa kabila na wa ardhi kwa pamoja. Unguja mistari mitatu ililala mahali pamoja, kama nyufa tatu zilizokutana katika ukuta mmoja.

Ndugu zetu wa Pemba mliomo humu mtasema kwamba nanyi mliteswa. Ni kweli. Watu walipigwa bakora hadharani Pemba baada ya mapinduzi, na wazee wenu waliona. Lakini ile ilikuwa ni adhabu iliyoteremshwa na wakubwa wa serikali, haikuwa jirani kumwingilia jirani usiku. Mtoto azitenge hizo mbili katika jawabu lake.

Mizani ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nayo ni Juni 1961. Lakini hatuwezi kuifikia bila ya kupita dukani, na hapo tuacheni tukae kidogo, kwani ndipo tunapopajua.

Mwaka 1957 ulipofanywa uchaguzi wa kwanza, ZNP haikupata hata kiti kimoja. Baada ya hapo yakaanza mambo ambayo wazee huyaita zama za siasa. Wenye mashamba wengine waliwafukuza maskwota waliokipigia kura chama cha upinzani wao. Mtu aliyeishi chini ya mikarafuu ile miaka ishirini aliambiwa ang'oe muhogo wake. Naye na wenziwe wakajibu kwa silaha waliyokuwa nayo, yaani senti zao. Wakasusia maduka ya Waarabu. Upande wa pili nao ukasusia. Vikaanzishwa vyama vya ushirika na maduka ya chama. Watu wakawa hawapandi basi la mwenye chama kingine, hawazikani, hawasali nyuma ya imamu mmoja.

Sasa fahamuni duka la shamba lilivyokuwa. Mwenyewe mara nyingi alikuwa Mmanga, mtu aliyekuja karibuni kutoka Omani, masikini, alalaye juu ya gunia nyuma ya duka lake. Hakuwa na mikarafuu. Alichokuwa nacho ni mzani, pipa la mafuta ya taa, na daftari la mkopo. Mwanakijiji huchukua mchele na sukari miezi ya njaa, hulipa karafuu zikivunwa. Sisi wenye maduka twajua daftari lile ni kitu gani. Pakiwapo salamu, ni amana baina ya watu wawili. Salamu zikikatika, ni deni tupu, na jina lililoandikwa ndani yake huanza kumchukia aliyeliandika. Kususiana kulikata salamu. Kulimfanya mtu anunuapo kibiriti awe anapiga kura. Na kulimfanya Mmanga, ambaye ndiye Mwarabu wa pekee aliyeonwa kila siku kijijini, asimame mahali pa tajiri aliyekaa mjini asiyeonwa kabisa.

Magazeti nayo yalitia kuni. Mwongozi la upande wa Hizbu na Afrika Kwetu la upande wa Afro yalibishana wiki baada ya wiki nani mwenyeji na nani mgeni. Upande mmoja uliwaita watu wa Bara wageni wasio na haki katika kisiwa. Upande wa pili ukakumbusha utumwa kana kwamba umefungwa jana. Kila kimoja kilipata wasomaji. Lakini neno "mgeni" likishasemwa mara elfu, humwondoa mtu katika ujirani kabla ya panga.

Sasa tuje Januari 1961. Viti vilikuwa 22: Afro-Shirazi ilipata 10, ZNP 9, ZPPP 3. Hao watatu wakagawanyika, ikawa 11 kwa 11, na serikali haikuundika. Kikaongezwa kiti kimoja, ukafanywa uchaguzi wa pili tarehe 1 Juni 1961. Siku ile ile ya kura yakaanza mapigano mjini, yakaenea mashamba. Wazee huviita Vita vya Juni. Waliuawa watu 68, walio wengi wao Waarabu, khasa Wamanga wa mashamba. Hapakuwa na Okello. Hapakuwa na mapinduzi. Sultani alikuwa kitini na Mwingereza bado yupo. Na hata hivyo waliouawa walikuwa ni watu wa aina ile ile, mahali pale pale, ambapo wangeuawa tena mwaka 1964.

Basi hapo mizani inasema. Damu ya 1964 ilikuwa imekwisha onyesha njia yake miaka miwili na nusu kabla. Kilichoisimamisha mwaka 1961 ni askari walioletwa na Mwingereza kutoka nje, wakatandazwa mashamba. Kabla ya uhuru wa Disemba 1963 askari hao walikuwa hawako tena, na hakuna kilichowekwa mahali pao. Na baina ya hapo palifanywa uchaguzi wa Julai 1963, ambao Afro-Shirazi ilipata kura zaidi ya nusu, asilimia 54, ikapata viti 13 tu katika 31; ZNP na ZPPP kwa pamoja zikapata 18 zikaunda serikali. Kisheria lilikuwa halali, kwani viti ndivyo vinavyohesabiwa. Machoni mwa waliokuwa wengi ilikuwa ni kuibiwa kwa mara ya pili. Mwanzoni mwa Januari 1964 serikali ikakipiga marufuku Chama cha Umma cha Babu. Mlango wa kura na mlango wa maneno ikaonekana kuwa imefungwa.

Tutoe jawabu sasa, na vijana mlipange hivi. Mwanzo: andika mstari mmoja unaotenga mapinduzi na mauaji. Kisha hoja ya kwanza, uchaguzi wa 1961 na 1963, ulioondoa imani kwamba kura hubadili serikali. Ya pili, ardhi na kufukuzwa maskwota, kulikofanya chama kiwe ni suala la muhogo. Ya tatu, kususiana na magazeti, kulikomgeuza jirani kuwa adui. Na hapa utaje Juni 1961 kuwa ushahidi. Ya nne, kukosekana kwa jeshi, kuachishwa polisi, na kuondoka kwa askari wa Kiingereza. Ya tano, bunduki kutawanywa na amri kukosekana. Kisha linganisha na Misri na Pemba, mistari mitatu. Mwisho: sema kwamba dhulma ilileta mapinduzi, uadui wa miaka saba ulichagua wa kuuawa, na kukosekana kwa mlinzi kuliruhusu. Jawabu lenye kamba hiyo lina hoja tano tu, na linashinda la hoja kumi zilizomwagwa kama mbaazi.

Limebaki suala la wageni, na hatulikwepi, maana tuko katika Mkoa wa Tanga. Mwaka 2010 Dakta Harith Ghassany alitoa kitabu Kwaheri Ukoloni, Kwaheri Uhuru!, na humo wamo watu wanaosimulia kwamba wafanyakazi wa katani wa Sakura, huko Pangani, walivushwa bahari kutoka Kipumbwi kwenda kushiriki. Khabari rasmi huyataja mapinduzi kuwa kazi ya Afro-Shirazi wenyewe. Mtoto ataje kwamba wanahistoria wanahitilafiana. Lakini sisi wenyewe, wanachama, tujiulize: mgeni aliyeshuka jahazini usiku, atajuaje duka la Mmanga wa kijiji fulani, na mlango wake wa nyuma? Mgeni huwa mkali kwa kuwa hana shemeji pale. Njia huonyeshwa na mwenyeji. Na katika Vita vya Juni hakuna ambaye amesema watu walivushwa Kipumbwi.

Twajua neno hili si tamu katika mkutano wa chama chetu. Wengi wetu tumelelewa na khabari ya kwamba sisi tulivamiwa tu. Wapo na wenzetu wa upande wa pili waliolelewa na khabari kwamba waliouawa walistahili. Mmanga aliyelala juu ya gunia hakumiliki mtumwa wala mkarafuu, wala hakuongoza wizara. Na skwota aliyeng'olewa muhogo wake hakuwa mvamizi. Mtoto akiandika mmoja tu katika hao, amekosa mtihani, na amekosa zaidi ya mtihani.

La mwisho ni letu, si la watoto. Karatasi hii itakayochapa maneno haya huzungushwa kwa mkono, na husomwa dukani kabla ya kusomwa majumbani. Mwongozi na Afrika Kwetu nayo yalisomwa hivyo. Kila tunapotaka kuandika humu kwamba fulani asinunuliwe, au fulani si mwenzetu, tukumbuke kwamba Vita vya Juni vilianza siku ya kura, baada ya miaka minne ya kutosalimiana dukani. Hapa Chanika daftari letu lina majina ya wenye kadi za kila chama. Tumekubaliana, sisi wenye maduka wa chama hiki, kwamba hakuna jina litakalofutwa humo kwa ajili ya kura.

Wabillahi tawfiq. Assalaam alaykum.